Bamba Lilikuwa Baridi

Nianze na kosa, kabla hujanizoea ukaanza kunitetea bure: niliweka MOSFET mahali pa IGBT. Najua kwa wengi hayo ni sawa na kusema niliweka bata mahali pa bata. Vyote viwili ni vipande vyeusi vya miguu mitatu, na ukivimwaga mezani bila miwani huwezi kuvitofautisha. Kazi yao pia ni moja. Ni swichi. Zinawasha na kuzima umeme mkubwa kwa amri ya umeme mdogo, haraka kuliko kidole chochote.

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme. Diploma ninayo, imetundikwa karakanani ukutani juu ya birika, na mvuke umeshaila robo yake. Kwa hiyo siwezi kusema sikufundishwa. Nilifundishwa, nikafanya mtihani, nikapasi. Tena swali hilohilo lilikuja.

Chukulia swichi kama mlango wa ukumbi. Inakutoza mara mbili. Mara ya kwanza ni wakati mlango uko wazi na watu wanapita. Mara ya pili ni kila unapoufungua na kuufunga. MOSFET ni mlango mwepesi, ukiusukuma umefunguka, ukiuachia umefungwa. Ila ile inayostahimili volti nyingi ina ujia mwembamba. Wakipita watu wawili watatu hakuna neno. Wakija wengi wanabanana, na umeme ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Halafu kadiri unavyopata joto, ujia wenyewe unazidi kuwa mwembamba.

IGBT ina ujia mpana. Inakutoza kama volti mbili hivi, waje kumi waje ishirini, haipandishi sana. Ubaya wake uko kwenye kufunga. Ni kama yule mgeni wenu anayeaga. Ameshasema kwaheri, ameshavaa viatu, amesimama mlangoni, na bado anaongea. Unauambia umeme uzime, wenyewe unajikokota kidogo ndiyo unakata, na katika kujikokota huko kuna joto. Ukimuaga mgeni wa namna hiyo mara chache, unavumilia. Ukimuaga mara laki moja kwa sekunde, nyumba inawaka.

Na iliwaka, kwa sonara.

Sonara wa mtaa wa pili ana jiko la umeme la kuyeyushia dhahabu, lile la koili, linalogeuza umeme kama mara laki moja kwa sekunde. MOSFET zake zilikufa, nikamwekea IGBT, kwa sababu nilikuwa nazo na kwa sababu nilijiona mjanja. Lilidumu muda wa kunywa chai, na chai yenyewe ilikuwa bado ya moto. Moshi ulijaa duka zima mbele ya bibi harusi mtarajiwa na mama mkwe wake. Kuanzia siku ile mtaa mzima ukaniita Fundi Moshi. Mtoto wa jirani akiniona anakohoa. Mimi ni mtu wa utani, nikacheka nao, nikakohoa nao. Lakini ndani liliniuma. Nikaapa IGBT sitaiamini tena kirahisi. Ndiyo kule kusema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nilishtuka, nikarukia upande ambao nyoka mwenyewe amelala.

Dada yangu alifariki asubuhi, akiwa ameketi, anachambua mchele. Mimi ndiye niliyemfuata kuzaliwa. Alinibeba mgongoni, alinipiga makofi, aliniuguza, na hadi nina mvi alikuwa akiniita "we mtoto". Alikuwa na mwana mmoja tu, yuko melini, anahudumia mitambo huko chini kwenye injini, na miaka sita hakuwa amekanyaga nyumbani. Kila mwaka alikuwa anakuja mwakani.

Nilimpigia mimi. Simu ilikuwa na mwangwi, nikawa namsikia na kujisikia mwenyewe.

"Mjomba," alisema. "Nakuja. Meli inaingia bandarini kesho, napata ndege keshokutwa. Siku ya nne niko hapo."

"Njoo baba. Tunakusubiri."

"Msimzike kabla sijamshika mkono. Nakuomba, Mjomba. Sitaki picha, sitaki kusimuliwa. Nimshike mkono tu."

"Utamshika," nikasema. "Hiyo niachie mimi."

Ndiyo ahadi niliyotoa, kwa mdomo huu ninaokula nao ugali. Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye mwenye kauli katika familia, hakupenda. Kwake yeye maiti kukaa ni kumtesa. Lakini nilimbembeleza, akasema, "Haya. Kama jokofu litakuwa zima, tutamsubiri kijana. Likileta matatizo, namzika mdogo wangu, wala asiniulize mtu."

Zahanati ya kwetu ina chumba kimoja cha maiti, chenye baridi, vitanda sita vya chuma na mhudumu mmoja, mama mtu mzima anayevaa sweta mwaka mzima. Hospitali kubwa iko mbali, na siku hizo tuliambiwa kwao kumejaa, wanalaza wawiliwawili. Baridi ya chumba chetu inatoka kwenye kompresa kubwa iliyo nyuma ya ukuta, na kompresa hiyo haiwashwi hivihivi. Laini ya umeme ya pale ni dhaifu. Ukiiwasha moja kwa moja inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, kikata umeme kikuu kinaruka, zahanati nzima giza. Kwa hiyo kuna draivu, sanduku la chuma ukutani linaloianzisha taratibu na kuiendesha. Ndani ya draivu umeme unanyooshwa mpaka volti karibu mia sita, halafu swichi sita, mbilimbili kwa njia tatu, zinaukatakata kama mara elfu nne kwa sekunde, mota inazunguka.

Siku ya pili ya msiba mjusi aliingia ndani ya lile sanduku. Alitafuta joto, maskini, akalipata lote kwa mara moja.

Aliyenipigia ni Barafu. Huyo ni fundi majokofu, rafiki yangu tangu chuo, mwembamba kama bomba la gesi, na ndiye anayeitunza kompresa ile.

"Moshi, pole tena na msiba," alisema. "Sasa sikia, keti kwanza. Draivu ya mochwari imelipuka."

Nilienda na kanzu yangu ya msibani. Tulimtoa mjusi, au kilichobaki. IGBT mbili zilikuwa zimepasuka, nyingine sikuziamini. Bodi ndogo ya nyuma, ile inayozipa swichi amri, ilikuwa nzima kabisa. Nikashusha pumzi. Tukabeba sanduku hadi karakanani kwangu, na mhudumu akaanza kupanga mabarafu ya kununua kuzunguka vitanda, akisema haya yatatufikisha jioni tu, msinichezee.

Karakanani nina droo nyingi, lakini kwa kazi hii zilikuwa mbili. Droo ya kwanza ilikuwa na IGBT sita, nilizozitoa kwenye draivu ya lifti iliyobomolewa. Zilikuwa za zamani, miguu imechakaa kidogo, nimezipima zote zikawa nzima. Droo ya pili ilikuwa na MOSFET sita za volti elfu moja na mia mbili, mpya, ziko kwenye mfuko wake wa fedha. Niliziagiza kwa ajili ya kazi nyingine ambayo mwenyewe alighairi. Zilikuwa zinang'aa.

Barafu alikaa kwenye kiti changu, ambacho siku hizi ni chake, akajimiminia chai yangu.

"Kiwandani waliweka nini?" akauliza.

"IGBT."

"Basi si urudishe walichoweka? Mtu akifa figo unamwekea ini?"

"We shughulika na gesi zako," nikamwambia. "Hawa wa zamani waliweka IGBT kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo. Hii MOSFET inakata haraka. Haijikokoti. Kule kwa sonara si uliona mwenyewe?"

"Nilisikia harufu. Kuona sikuona, moshi ulikuwa mwingi."

Tulicheka. Mnisamehe, dada yangu yuko kwenye mabarafu na mimi nacheka, lakini ndivyo tulivyo. Msiba usio na utani unaua mwingine.

"Mi sijui umeme," Barafu akasema, "ila kwa sonara si ilikuwa kitu kingine?"

Ilikuwa kitu kingine. Nilijua. Kule ilikuwa laki moja kwa sekunde, huku elfu nne. Huku gharama ya kufungua na kufunga ni ndogo, mgeni anayejikokota anavumilika. Gharama kubwa ni ya ule ujia wenyewe. Ni hesabu ya mistari miwili. MOSFET zile zilikuwa na ukinzani wa karibu nusu omu zikiwa baridi, na omu nzima zikipata moto. Kompresa ikibeba mzigo kamili inavuta kama ampia kumi na moja. Kumi na moja mara kumi na moja, mara omu moja, zaidi ya wati mia kwa kila njia, na njia ziko tatu. IGBT kwa ampia hizohizo ingekula kama ishirini na kitu kwa njia, uongeze na za kujikokota kidogo, bado haifiki hata nusu. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa kanzu. Mkono haukuingia.

Nilichokuwa nakisikia kichwani ni mtoto wa jirani anakohoa. Nilikuwa naona draivu ya mochwari inafuka moshi mbele ya ukoo mzima na watu wanasema, si tulimwambia, amerudia IGBT zake zilezile. Nikafungua mfuko wa fedha.

Nikazilehemu zote sita, nikapaka grisi ya kupitisha joto, nikazikaza kwenye bamba lake la alumini la kupunguza joto. Halafu nikafanya majaribio. Mota niliyonayo karakanani ni ya feni ya kupepetea, inavuta ampia mbili ikijitahidi sana. Nikaunganisha, nikawasha, ikazunguka kama wimbo. Nikaacha kwa muda, nikaweka kiganja kwenye bamba.

"Shika," nikamwambia Barafu.

Akashika. "Baridi."

"Baridi kama mkono wa nani?"

"Kama mkono wa mkopeshaji."

"Sasa nikwambie kitu. IGBT hapa ungesikia uvuguvugu. Shika tena."

Na nilikuwa nasema kweli, ndiyo ubaya wake. Kwa ampia mbili, MOSFET ile inakula volti moja au pungufu, na IGBT ingekula zaidi. Kwenye mzigo mdogo mlango mwembamba unashinda. Watu wawili wanapita bila kugusana. Nilipima ukumbi kwa watu wawili, nikaupangisha kwa harusi.

Jioni tuliifunga ukutani. Kompresa iliamka taratibu, ikakoroma, ikatulia. Jua lilikuwa limeshashuka, nje kuna upepo, na kwa Barafu hiyo ni habari njema: hewa ikiwa ya baridi kompresa haihangaiki, inavuta ampia sita au saba tu. Nikashika bamba. Lilikuwa na uvuguvugu, kama chai iliyosahauliwa. Nikaridhika. Mhudumu aliingia na kipimajoto chake, akatoka, akanipa mkono kwa sweta lililovutwa hadi kwenye vidole.

"Umetusitiri, mwanangu," akasema.

Nikaingia kumwona dada. Alikuwa amelazwa kitanda cha chini, kushoto. Nikamwambia, "Mwanao anakuja. We tulia tu hapo." Nikajisikia mtu. Nilipotoka nikampigia kijana simu, alikuwa ameshashuka melini, anasubiri ndege ya alfajiri.

"Jokofu zima, Mjomba?"

"Zima kuliko sisi."

Usiku mzima iliendelea. Asubuhi iliendelea. Nililala kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

Mchana jua lilitoka la kupasua mawe. Nyuma ya ule ukuta kuna bati, na chini ya bati ile hewa ilikuwa ya tanuri. Kompresa ikaanza kusukuma kwa nguvu zake zote. Halafu ikaletwa maiti ya mzee mmoja kutoka mbali, ndugu wakaja wengi, mlango wa chumba ukakaa wazi wakiagana naye. Hakuna aliyekosea hapo. Watu wanaagana. Joto likaingia, mzigo ukapanda, ampia zikafika kumi na moja. MOSFET zikapata moto, ukinzani ukapanda, zikapata moto zaidi, ukinzani ukapanda zaidi. Kitu kikishafika hapo kinajila chenyewe.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa msiba, napanga viti. Mlio niliusikia kutoka kwenye simu ya Barafu, kwa sababu alikuwa ameniambia tu, "Moshi, njoo ushike bamba hili, mimi silielewi," na kabla sijajibu nikasikia mlipuko: paa!

Nilipofika, sanduku lilikuwa limefunguka mlango lenyewe. Safari hii haikuwa kama ya mjusi. Swichi ya juu na ya chini za njia moja zilikufa zikiwa wazi zote mbili, volti zile mia sita zikapita hapo moja kwa moja, zikarudi nyuma hadi kwenye bodi ndogo ya amri na kuifanya mkaa. IGBT zangu sita zilikuwa droo ya kwanza, nzima, zinanitazama. Hazikuwa na kazi tena. Hata ningeziweka, hakuna wa kuziamrisha. Bodi ile ni ya kuagiza, na kuagiza ni wiki.

Barafu alijaribu kuiwasha kompresa moja kwa moja. Umeme wa zahanati ukaruka. Akajaribu tena, ukaruka, na nesi akatoka wodini akasema jamani kuna mama anajifungua humu. Tukaacha.

Nikapaka grisi kidole changu, sijui kwa nini. Nikaishika ile MOSFET iliyopasuka, bado ya moto, nikaunguza ngozi.

Barafu akanitazama. Huyu ni mtu ambaye angeweza kunikejeli mwezi mzima, na haki alikuwa nayo. Akasema tu, "Tuseme ni umeme. Laini si mnajua ilivyo. Nani atabisha?"

Kaka mkubwa alikuja na fimbo yake. Alisimama mlangoni mwa kile chumba, akanusa hewa, akatoka.

"Nini kimetokea?"

"Umeme, kaka," Barafu akajibu kabla yangu. "Umeme ulizidi."

Nikakificha kile kidole kilichoungua. Kaka akatazama jua, akatazama mabarafu yanavyotiririka kwenye mfereji.

"Tunamzika leo jioni."

"Kaka, mtoto wake anafika kesho asubuhi," nikasema. "Tununue barafu nyingi. Mimi nitakesha namwekea. Usiku mmoja tu."

"Barafu ya wapi? Mtaa mzima tumeshamaliza. Umeona maji hayo? Umemwona mdogo wangu?" Sauti yake ilipasuka, akakohoa kuificha. "Mimi nilisema. Likiwa zima tutasubiri. Halikuwa zima. Mnataka kijana aje akumbuke nini? Akumbuke hivi?"

Alikuwa na haki hata katika hilo. Niliomba kitu kimoja, nimshike mkono dada kabla hawajamfunga, na mhudumu akaniachia nafasi, akasimama pembeni na sweta lake. Mkono ulikuwa umeanza kulegea, si wa baridi tena. Bamba langu karakanani lilikuwa na baridi kuliko ule mkono. Niliushika muda ambao kaka aliona umezidi. Kidole chake cha shahada kilikuwa na kovu dogo la kisu, alilipata akinimenyea muwa mimi nikiwa mdogo ninalia.

Tukamzika. Watu walikuwa wengi. Jioni hiyo umeme wa mtaa mzima ulikuwepo, taa zinawaka kila nyumba.

Kijana alifika asubuhi na begi moja la mgongoni. Ni mrefu, mpana, ana ndevu ambazo sikuwa nazijua. Alikuwa ameambiwa kwenye simu na kaka, akiwa anasubiri ndege ya pili, kwa hiyo hakuuliza kitu. Alienda makaburini, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye udongo, akakaa hivyo mpaka tukaanza kuona aibu kumtazama. Kisha akasimama, akafuta mkono kwenye suruali. Kina mama walipoanza kulia upya yeye ndiye aliyewatuliza.

Mchana akanifuata karakanani. Alikaa kwenye kiti cha Barafu. Sanduku la draivu lilikuwa benchini, wazi, jeusi.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo."

Yeye ni mtu wa mitambo. Huko melini kuna draivu kubwa kuliko kabati langu. Aliinama, akazungusha taa, akagusa bamba, akachomoa kipande kimoja kilichopasuka, akakisoma maandishi yaliyobaki. Alikisoma mara mbili.

"Hii ni MOSFET."

"Ndiyo."

"Kwenye kompresa."

Ningeweza kusema ndicho kilichokuwepo. Barafu angeniapia. Kijana asingejua, mtaa usingejua, na leo pengine ningekuwa nasimulia habari nyingine. Lakini alikuwa amekishika kile kipande kwa vidole vya mama yake, virefu, vyenye viungo vinene, na kwa vidole vile sikuweza.

"IGBT nilikuwa nazo," nikasema. "Droo hiyo hapo. Sita. Nilizipima, zilikuwa nzima. Niliogopa. Ilinitokea aibu kwa sonara, nikaogopa itanitokea tena, nikaweka hizi. Nilijaribu kwa mota ya feni, bamba likawa baridi. Hesabu sikupiga. Haukuwa umeme wa laini, baba. Nilichagua mimi."

Akafungua droo. Akazitoa IGBT sita, akazipanga benchini moja moja, kama mtu anayepanga karata. Akazitazama.

"Elfu nne?" akauliza.

"Elfu nne."

"Kwa ampia ngapi?"

"Kumi na moja. Mchana."

Niliona hesabu inapita usoni mwake. Ilimchukua muda mfupi tu. Mistari miwili.

Nikajaribu utani. Mungu anisamehe, ndiyo lugha pekee niliyoizoea. Nikasema, "Mama yako angekuwa hapa angenichapa kwa mwiko, halafu angeniuliza kama nimekula." Alitabasamu kidogo, au labda midomo ilitetemeka, kisha ikaacha.

"Mkono wake ulikuwaje?" akauliza.

Hilo swali nililijua linakuja tangu makaburini, na bado lilinikuta sijajiandaa. Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema ulikuwa baridi, ulikuwa mzuri, ulikuwa kama amelala. Ningesema hivyo kwa mtu mwingine yeyote.

"Ulikuwa umeanza kupata joto," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Akarudisha zile IGBT kwenye droo, akaifunga bila kelele. Kile kipande kilichopasuka akakitia mfuko wa shati. Akaniaga kwa adabu zote, "Mjomba, baki salama," akanipa mgongo, akainama asigonge kichwa kwenye mlango wangu mfupi. Mkono hakunipa. Sikumdai.

Aliondoka siku iliyofuata. Kaka mkubwa ameshaambiwa ukweli, nilimwambia mwenyewe. Hanitukani, ananiita "fundi" badala ya jina, basi. Bodi ya amri ilifika baadaye, nikazilehemu zile IGBT sita za lifti, miguu yao michakavu, nikaifunga draivu ukutani. Nilisubiri jua la mchana kabisa, mlango wa chumba nikauacha wazi kwa makusudi, kompresa ikavuta ampia zake kumi na moja, nikashika bamba. La moto kidogo, la kawaida, kiganja kinavumilia. Nikalishika hadi mhudumu akaniuliza kama naumwa. Mpaka leo haijazima, kuna watu wameshawasubiri watoto wao hapo hadi wakafika.

Mtoto wa jirani hakohoi tena akiniona. Nilidhani ningefurahi.

Kijana amerudi baharini. Mara chache namwona amewasha simu, kile kidoti cha kijani kinatokea, kinakaa, kinapotea. Simpigii, mtu akitaka kunyamaza mwache anyamaze. Ila Ijumaa iliyopita nilikaa kwenye kiti cha Barafu, birika linachemka chini ya diploma, nikamrekodia ujumbe wa sauti. Niliurekodi mara nyingi nikiufuta, kwa sababu kila mara nilikuwa najikuta naweka utani mwanzoni. Huu uliobaki hauna.

"Baba, ni mimi mjomba wako. Sijapiga kukusumbua. Nilitaka tu ujue kwamba siku ile, kabla hawajamfunga, nilimshika mkono. Nilimshika kwa muda mrefu, na nilimshika kwa niaba yako, ingawa hukunituma. Kwa hiyo ninacho kitu chako huku. Siku ukija, usinisamehe kama hutaki. Nipe mkono tu, nikurudishie."